Ngozi ya Mgonjwa Anayeharisha Kitandani

Tuseme ni bibi aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, na tangu alfajiri anaharisha. Nyumbani watu huhangaikia harufu na mashuka, ilhali ngozi ya makalio ndiyo inayoanza kuharibika. Kinyesi cha kuharisha hutoka bado kikiwa na vimeng'enya vya kusaga chakula, na vikikaa juu ya ngozi iliyolowa huichubua. Kwa hiyo usingoje nepi ijae. Ichungulie mara kwa mara, usiku pia.

Msafishe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, hata kipande cha kanga kuukuu, ukifuta kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu usifike njia ya mkojo. Sabuni ya kufulia ni kali mno kwa ngozi hiyo. Usimkaushe kwa kusugua. Gandamiza kitambaa kikavu taratibu, hasa kwenye mikunjo, kisha mpake mafuta ya mgando au krimu ya zinki. Akichafuka tena, futa kinyesi tu. Krimu iliyobaki safi usiikwangue, kwa maana kukwangua nako kunachubua. Mgeuze kila baada ya saa 2 hivi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi tafuta mahali palipokoza rangi, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Ukipaona, asipalalie tena, na umwite muuguzi apaangalie.

Maji anayopoteza yarudishwe kwa ORS, ikikorogwa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikilala zaidi ya saa 24, imwage. Mwinue akae, umpe kijiko kimoja kimoja. Aliyepata kiharusi hupaliwa upesi: akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji, acha na utafute msaada. Mkojo kidogo wenye rangi ya chai, mdomo mkavu, au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kumpeleka hospitali. Damu kwenye choo vilevile.

Nguo zilizochafuka usizikung'ute. Kinyesi kikwangulie chooni, zitenge na za wengine, zifue kwa maji ya moto na sabuni, uzianike juani. Glavu zisikudanganye; ukizivua, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka chini ya kucha. Kitakasa mikono hakiondoi kinyesi.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Mgonjwa wa kitandani anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo, kisha akaanza kuvuja majimaji machache machache, huku tumbo limejaa. Hapo huenda choo kigumu kimeziba na maji yanapenya pembeni. Dawa ya kuzuia kuharisha itazidisha kuziba, kwa hiyo kabla ya kuinunua, mweleze mganga lini alipata choo cha kawaida mara ya mwisho.