Harusi inayokwama ngoma ikianza

Kwenye hotuba za wazee video ya harusi inakwenda bila shida. Bibi harusi akiingia ukumbini, taa zinamulika huku na huku na watu wote wanacheza, picha inaganda na kale kaduara kanaanza kuzunguka. Mtazamaji hulaumu bando, kumbe mara nyingi tatizo ni jinsi video ilivyobanwa.

Wengi hubana kwa FFmpeg na enkoda ya x264, kwa kipimo cha CRF. Kipimo hicho ni agizo la ubora: shikilia picha iwe hivi, biti tumia kadiri zinavyohitajika. Namba ya kawaida ni 23, na ikipanda ubora unashuka. Mzee aliyesimama mbele ya pazia anaweza kutosheka na kilobiti 800 kwa sekunde. Ukumbi unaocheza, kwa ubora uleule, ukadai 5,000.

Tuseme mtazamaji anapokea megabiti 2.5 kwa sekunde. Sekunde 10 za ngoma zina megabiti 50, nazo zitamfikia kwa sekunde 20. Hapo anaweza kulazimika kusubiri, hata kama wastani wa faili zima ni megabiti 1.5.

Dawa ni kubaki na CRF, kisha kuiwekea kikomo:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v libx264 -crf 23 \
  -maxrate 2000k -bufsize 4000k \
  -c:a aac -b:a 128k harusi_net.mp4
```

`-maxrate` tumeiweka chini ya 2.5 ili sauti nayo ipate nafasi. `-bufsize` ni kama tangi la maji juu ya nyumba: bomba linaingiza megabiti 2 kila sekunde, tangi linabeba 4, na kila fremu inachota humo. Fremu moja inaweza kuchota nyingi kwa mkupuo, ila tangi lisikauke. Kwa hiyo zile sekunde 10 za ngoma hazitazidi megabiti 24: 20 za bomba na 4 za akiba. Zinafika kwa takriban sekunde 10. Hotuba haiguswi, kwa sababu haikuwa imekaribia kikomo.

Usiandike `-maxrate` peke yake. Bila ukubwa wa tangi x264 hukipuuza kikomo, na onyo lake hupita upesi kwenye skrini. Tangi kubwa mno nalo huruhusu mikupuo mirefu, mtazamaji akakwama tena. Dogo mno huharibu picha kila tukio linapobadilika ghafla. Mara moja hadi mbili ya `-maxrate` ni mahali pazuri pa kuanzia.

Gharama inalipwa kwenye ngoma: nguo zenye nakshi zitafifia kidogo, na vijiboksi vinaweza kuonekana kwenye moshi. Mimi naona ni afadhali hivyo kuliko kuganda. Lakini ikiwa hata hotuba inagonga 2,000, CRF haina kazi tena, kikomo ndicho kinachoamua ubora wa video nzima. Hapo punguza ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720 kwa `-vf scale=-2:720`, ubane upya.