Prepi Iko kwa Bega

Wasee wengi hudhani prepi ni kudunga yunifomu na kuringa. Zii. Hii luku ilitoka kwa shule za wadosi huko Marekani, zile za kuandaa watoi wao waingie Harvard, Yale na Princeton. Hao mababi hawakutaka kuonekana ka wamejaribu. Bleza ni ya buda, sweta ya misuko imetoboka viwiko, lofa inavaliwa bila soksi. Nguo mpya tititi ilikuwa inakuchoma, juu inaonyesha doo yako imekuja jana.

Lakini mababi hawakubaki nayo peke yao, na hapo ndipo mimi hubambika. Miaka ya 1950 msanii wa jazz Miles Davis alikuwa ananunua makoti Andover Shop, duka la wanafunzi wa Harvard. Wanafunzi weusi wa Morehouse na Howard nao walipiga hio luku safi. Halafu Ralph Lauren, mtoi wa Bronx mwenye buda yake alikuwa anapaka nyumba rangi, ndiye aliuzia dunia nzima polo na bleza. Ule utulivu wa mtu wa shule kubwa unaeza kuvaliwa na yeyote, bora koti likubali.

Sasa ukishuka Gikomba, bleza hujaa kwa kamera, lakini nyingi ni za ofisi. Anza na bega. Lifinye na vidole: ukisikia sponji nono, achana nayo. Bleza ya prepi bega lake ni laini, linafuata mwili. Kisha cheki vifungo vya mbele. Zile za kitambo huwa na vitatu, lakini kola imelala juu ya kile cha kwanza, so unafunga cha katikati tu. Mifuko imeshonwa kwa nje. Ka kifuani kuna kiraka cheusi zaidi, hapo palikuwa na beji ya shule. Hio alama haitoki, na ukibandika beji ya shule hujasoma, wasee watakuuliza maswali.

Usidunge zote siku moja. Bleza, polo, sweta mabegani na lofa pamoja, unakaa mtu wa matangazo. Chukua bleza moja na jinzi iliyochakaa, ama polo ya pamba nzito na sketi ya marinda.

Hio sketi ndio husumbua manzi wengi. Marinda ya sufu yakifuliwa ovyo yanafunguka, na pasi ya haraka inakuachia mistari miwili kwa kila rinda. Kabla ya kufua, piga bandi kwenye upindo, rinda kwa rinda. Ikikaribia kukauka, weka kitambaa chenye maji juu, kandamiza pasi bila kuiburuta, uiache ipoe kabisa. Uzi wa bandi toa mwisho.