Ankara ya laki mbili inaingia benki ikiwa ngapi?

Mshauri wa mazingira wa Mombasa amemaliza ripoti ya athari za mazingira kwa kampuni inayotaka kujenga hoteli Diani. Ada waliyokubaliana ni shilingi 200,000. Anaandika ankara, anaituma, na baada ya wiki kadhaa anapata ujumbe wa benki kwamba zimeingia 190,000. Washauri wengi wanaoanza kazi hudhani hapo kwamba mteja amewapunja. Wengine hunyamaza wasije wakaonekana wasumbufu. Ukweli ni kwamba mteja huyo ametimiza sheria, na zile 10,000 bado ni mali ya mshauri, ila kwa sasa ziko mahali pengine.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya humtaka anayelipa ada ya ushauri akate asilimia 5 kabla ya kumlipa mshauri mkaazi, kisha apeleke makato hayo kwa Mamlaka ya Mapato, KRA. Hii ndiyo kodi ya zuio. Malipo yasiyofika shilingi 24,000 kwa mwezi hayakatwi. Kiwango hicho huhesabiwa kwa jumla ya mwezi mzima, kwa hiyo kugawa kazi ya 40,000 kuwa ankara mbili za 20,000 ndani ya mwezi mmoja hakusaidii kitu.

Kwa mshauri asiyetoza VAT hesabu ni fupi: ada mara 0.95. Laki mbili zinakuwa 190,000. Hesabu hubadilika anapokuwa amesajiliwa kwa VAT, na hapo ndipo hata wahasibu wa makampuni hukosea.

Tuseme mshauri wetu amesajiliwa. Juu ya ada ya 200,000 anaongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni 32,000, na ankara inasoma 232,000. Kodi ya zuio hukatwa kwenye ada peke yake, kwa kuwa VAT si mapato ya mshauri. Yeye anaikusanya tu kwa niaba ya serikali. Kwa hiyo makato yanabaki 10,000. Lakini ikiwa kampuni ile ni miongoni mwa zile ambazo KRA imeziteua kuzuia VAT, itakata pia asilimia 2 ya ada, yaani 4,000, na kuilipa KRA moja kwa moja. Benki zitaingia 232,000 kutoa 10,000 kutoa 4,000, yaani 218,000.

Hizo 218,000 zinaonekana nyingi kuliko ada yenyewe, na ndipo hatari ilipo. Ndani yake mna 28,000 za VAT ambazo bado hazijafika serikalini, na ritani ya VAT ya mwezi huo inamsubiri kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huenda akapunguza kiasi hicho kwa VAT aliyolipa mwenyewe kwenye manunuzi ya kazi, kama ana ankara halali za manunuzi hayo. Asipokuwa na chochote cha kupunguza, fedha zake halisi mkononi ni 190,000, sawasawa na yule asiyetoza VAT. Ningemshauri kila mtu aliye katika hali hii ahamishe hizo 28,000 kwenye akaunti nyingine siku ileile zinapoingia, kwa maana zikikaa pamoja na fedha za matumizi huliwa.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni mhasibu wa mteja kupiga asilimia 5 kwenye jumla yote ya 232,000. Anapata 11,600, na mshauri anapungukiwa 1,600 benki. Kulitambua ni rahisi: gawanya kodi ya zuio iliyokatwa kwa ada isiyo na VAT. Jibu likiwa asilimia 5, mambo ni sawa. Likiwa asilimia 5.8, ujue VAT imeingizwa kwenye hesabu. Dawa yake ni kuandika ankara yenye mistari iliyotengana: ada, VAT, jumla. Ankara yenye tarakimu moja tu ya mwisho humlazimisha mhasibu kukisia, na akikisia atakata zaidi ili yeye awe salama mbele ya KRA. Hata nauli na gharama za malazi zikichanganywa ndani ya ada, atazikata kama ada.

Wako wanaotaka wapokee 200,000 kamili baada ya makato, na wengi wao huongeza asilimia 5 kwenye bei. Wanadai 210,000, kisha wanashangaa kupokea 199,500. Sababu ni kwamba asilimia 5 inakatwa kwenye ile bei kubwa, si kwenye ile ndogo waliyoanza nayo. Njia sahihi ni kugawa: 200,000 gawanya kwa 0.95, unapata 210,526. Hata hivyo sipendi sana mtindo huu, kwa kuwa humfanya mshauri aione kodi ya zuio kama gharama iliyopotea, na haijapotea.

Tumchukue mshauri asiyetoza VAT ambaye kwa mwaka ameandika ankara za shilingi 1,200,000 na kutumia 300,000 kwa gharama zinazokubalika. Mapato yake yanayotozwa kodi ni 900,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, baada ya nafuu ya 28,800 anayopewa kila mlipakodi mkaazi, kodi yake ya mwaka inafika 178,600. Wateja wake walishakata 60,000 mwaka mzima, kwa hiyo kilichobaki ni 118,600. Kila shilingi iliyozuiwa imepunguza deni lake. Ila aangalie jambo moja: kwenye vitabu vyake aandike mapato ya 1,200,000, si 1,140,000 zilizopita benki. KRA inaiona ada nzima kupitia taarifa za wateja wake, na tofauti hiyo ya 60,000 ndiyo itakayoleta barua ya maswali.

Mshauri kutoka Arusha au Kampala asiye mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 15 kwa ada ya ushauri, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Laki mbili zake zinakuwa 170,000. Inafaa alijue hilo kabla ya kutaja bei.

Yote haya yanategemea cheti. Mteja anatakiwa kupeleka makato KRA ndani ya siku 5 za kazi tangu siku ya kukata, na malipo yakishapokelewa, mfumo wa iTax hutoa cheti cha zuio na kukituma kwa barua pepe ya mshauri. Cheti huonyesha ada nzima na kodi iliyokatwa. Wiki mbili zikipita bila cheti, ama mteja amekata fedha na kukaa nazo, ama ameandika PIN isiyo yako na makato yako yamekwenda kwa mtu mwingine. Mwandikie mhasibu wake mara moja, ukitaja namba ya ankara, tarehe ya malipo, kiasi kilichokatwa na PIN yako, na umwombe namba ya malipo ya KRA. Mwezi huohuo bado analikumbuka faili lako. Ukingoja hadi Juni, ritani ya mwaka ikiwa inafungwa tarehe 30, huenda mhasibu huyo ameshahama kazi, na utalipa mara ya pili kodi iliyokwisha kukatwa kwenye jasho lako.