Herufi Moja Isiyosomeka: Taarifa Yenye Pengo Ishughulikiwe Vipi

Mwananchi wa mpakani anapoibiwa pikipiki, swali mojawapo atakaloulizwa kituoni ni namba ya chasisi. Bamba la usajili hung'olewa kwa dakika chache na rangi hubadilishwa kwa siku moja, lakini chasisi imegongwa namba yake chumani, kwa kawaida kwenye shingo ya usukani. Kwa namba hiyo, ofisi ya Interpol iliyopo Kampala huweza kuuliza katika kumbukumbu za kimataifa za vyombo vya moto vilivyoibwa. Basi ifanyweje iwapo namba hiyo haijakamilika?

Tuchukue mfano. Dereva wa bodaboda wa Busia anafika kituoni Jumatatu asubuhi. Kadi ya usajili ilikuwa chini ya kiti cha pikipiki, nayo imeondoka na mwizi. Alichobaki nacho ni picha ya stakabadhi ya duka katika simu yake. Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za sasa, lakini mbili zina mashaka: moja ni O au sifuri, nyingine ni B au 8.

Shaka ya kwanza huondolewa na kanuni. Katika namba za aina hii herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo hiyo ni sifuri, na kuiandika hivyo si kubahatisha. Shaka ya pili haiondolewi na kanuni hiyo, kwa sababu B na 8 zote zinaruhusiwa. Hapa ndipo penye vishawishi viwili.

Kishawishi cha kwanza ni kuchagua mojawapo ili fomu ionekane imejaa. Ikiwa chaguo si sahihi, pikipiki iliyoibwa inaweza kupita mpakani bila kutambuliwa, au mtu asiye na hatia akazuiliwa kwa sababu chombo chake kina namba iliyobuniwa kituoni. Na ubaya wa kubahatisha ni kwamba hakuachi alama: afisa wa Kampala atakayeisoma namba hiyo hawezi kujua kwamba herufi moja ilikisiwa.

Kishawishi cha pili ni kuliweka faili kando hadi taarifa ipatikane. Mlalamikaji anaamini polisi wanafuatilia. Polisi wanaamini mlalamikaji ataleta namba. Kila upande unamngoja mwenzake, na hakuna aliyeambiwa kwamba anangojwa.

Njia iliyo sawa ni hii. Afisa huandika tukio katika kitabu cha matukio ya kituo na kumpa mlalamikaji namba yake ya SD, inayoonyesha tukio ni la ngapi na la tarehe gani. Namba ya chasisi huandikwa kama ilivyo, na mahali penye shaka huandikwa wazi: "B au 8, haijathibitishwa". Chini yake huongezwa mambo matatu: nani anayo taarifa hiyo, nani atamuuliza, na lini. Katika mfano wetu, duka lililopo Kampala lina nakala ya stakabadhi. Mlalamikaji atalipigia simu, na atarudi kituoni Jumatano.

Wakati huohuo, kazi isiyoitegemea herufi hiyo haingoji. Namba ya usajili, rangi, na mkwaruzo ulio kwenye tangi hutumwa siku hiyohiyo kwa vituo vya jirani.

Jumatano inafika na simu ya duka haipokelewi. Afisa haachi ukurasa ukiwa mtupu; anaandika kwamba jibu halijapatikana, na kwamba sasa kituo kitauliza katika sajili ya vyombo vya moto, ambayo nayo huhifadhi namba ya chasisi. Anaweka Ijumaa kuwa siku mpya na kumjulisha mlalamikaji. Ijumaa jibu linapatikana: ni 8. Shaka inafutwa kwa maandishi yanayotaja jibu limetoka wapi, na namba kamili inapelekwa Kampala.

Nawe, ndugu msomaji, una njia rahisi ya kutambua kama shauri lako limekwama. Nenda na namba yako ya SD, uulize: ni taarifa gani inayokosekana, nani anaitafuta, na siku gani itaangaliwa tena? Likikosekana jibu la mojawapo, omba liandikwe ukiwa hapo. Nawe ukiulizwa jambo usilolijua kwa hakika, jibu "sijui", kisha mtaje anayelijua. Na leo, kabla ya lolote kutokea, piga picha namba iliyogongwa kwenye chasisi ya chombo chako, uisome herufi kwa herufi, na uihifadhi nyumbani.