Mtoto Wako Anakua Sentimita Ngapi kwa Mwaka?

Tuchukue mfano wa wasichana wawili wa miaka 9 wanaosoma darasa moja. Mmoja ni binti wa mwalimu, na urefu wake ni sentimita 127. Mwingine ni binti wa fundi cherehani, na urefu wake ni sentimita 120.4. Wakipanga mstari asubuhi, binti wa fundi husimama mbele kabisa kwa sababu ndiye mfupi kuliko wote. Majirani humwambia mama yake, "Huyu mtoto hakui, mpeleke hospitali." Kuhusu binti wa mwalimu hakuna anayesema neno.

Sasa tutazame daftari ambamo urefu wao umeandikwa kila mwaka. Binti wa fundi alipotimiza miaka 7 alikuwa na sentimita 109.5, alipotimiza 8 akawa na 115, na sasa ana 120.4. Yaani mwaka wa kwanza aliongeza sentimita 5.5, na wa pili 5.4. Binti wa mwalimu alianza na sentimita 121, mwaka uliofuata akawa na 124.2, na sasa 127. Yeye aliongeza sentimita 3.2, kisha 2.8 tu. Anayepaswa kupelekwa hospitali ni huyu wa pili, ambaye hakuna aliyemtilia shaka.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza tujue kile ambacho chati ya urefu inatuonyesha. Fikiria wasichana 100 wenye afya njema, wote wa umri mmoja, wamepangwa kuanzia mfupi hadi mrefu. Nafasi ya mtoto katika mstari huo ndiyo wataalamu wanayoiita pasentaili. Mtoto aliye pasentaili ya 50 yuko katikati. Aliye ya 3 ana wenzake watatu tu hivi walio wafupi kuliko yeye. Lakini angalia: wote 100 ni wazima. Katika mstari wowote lazima awepo wa kwanza. Binti wa fundi amekuwa karibu na mwanzo wa mstari tangu utoto, na baba na mama yake pia ni watu wafupi. Anakua kwa kasi ya kawaida kwenye njia yake ya chini.

Urefu ni kama mahindi ghalani. Ukiingia ghalani leo na kupima mahindi yote, utakuwa umepima mavuno ya miaka mingi pamoja. Kama mwaka huu shamba halikutoa kitu, ghala halitaonekana tupu mara moja, kwa kuwa ya zamani bado yapo. Binti wa mwalimu alipokuwa na miaka 7 alikuwa katikati ya mstari. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, msichana wa katikati ana sentimita 120.8 akiwa na miaka 7, na 126.6 akiwa na miaka 8. Kwa hiyo baada ya mwaka mzima wa kukua polepole, binti wa mwalimu alikuwa amepungukiwa na sentimita 2.4 tu. Nani atayaona hayo kwa macho? Hata mwaka wa pili bado yupo karibu na nafasi ya 18 kati ya 100, ambayo ni nafasi ya kawaida kabisa. Akingojewa mpaka afike nafasi ya 3, atakuwa amekaa na ugonjwa wake muda mrefu. Kasi yenyewe ilisema tangu mwaka wa kwanza.

Wazo hili si geni. Nchini Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Montbeillard alimpima mwanawe kuanzia mwaka 1759 hadi 1777, kila baada ya miezi sita hivi. Ukichora sentimita alizoongeza kila mwaka badala ya urefu wake, unaona waziwazi kasi ikishuka tangu kuzaliwa, ikitulia, kisha ikipanda ghafla wakati wa balehe.

Kasi ipi ni ya kawaida?

Katika mwaka wake wa kwanza mtoto huongeza sentimita 25 hivi. Mwaka wa pili huongeza 12 hivi, na wa tatu kama 8. Kuanzia miaka 4 mpaka balehe inapoanza, wengi huongeza kati ya 5 na 7 kila mwaka. Hiki ndicho kipindi ambacho kasi inasomeka vizuri zaidi, na kwa bahati mbaya ndicho ambacho hakuna anayepima, kwani kadi ya kliniki huishia miaka 5. Katika kipindi hicho mtoto anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka apelekwe kwa daktari, hata kama ni mrefu kuliko wenzake. Anayeongeza kati ya 4 na 5 apimwe tena baada ya miezi sita, na kama kasi ni ile ile naye apelekwe.

Kabla ya miaka 2 usitumie kanuni hii. Mtoto mchanga huzaliwa na ukubwa unaotegemea sana hali ya mama wakati wa mimba, kisha katika miaka miwili ya kwanza huhamia polepole kwenye njia aliyorithi. Mtoto mnene wa wazazi wafupi anaweza kushuka mistari miwili na asiwe na ugonjwa wowote. Wakati mwingine wa kuwa mwangalifu ni kabla tu ya balehe, ambapo kasi hushuka kidogo. Mvulana wa miaka 13 ambaye bado hajaanza kubalehe anaweza kuongeza kama sentimita 4 tu, huku wenzake wakirefuka sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Wengi wa namna hiyo wana baba au mjomba aliyechelewa vilevile, na baadaye hukua.

Namna ya kupima

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Chagua ukuta ulionyooka na sakafu ya saruji iliyo sawa. Bandika ukutani futi ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani hunyooka ikizeeka. Mtoto avue viatu na asimame visigino, makalio na mabega vikigusa ukuta. Atazame mbele, na ukingo wa chini wa jicho uwe sawa na tundu la sikio. Misuko iliyo juu ya kichwa ifumuliwe, au upime siku ambayo hajasukwa, kwa maana nywele zaweza kuongeza sentimita mbili ambazo si za mtoto. Kisha weka kitabu chenye jalada gumu, upande mmoja umelala ukutani na mwingine umegusa kichwa, na uweke alama. Pima mara tatu na kuchukua wastani. Andika tarehe kamili.

Pima saa zile zile kila mara, asubuhi ikiwezekana. Mtu yeyote hupungua kidogo kufikia jioni, kwa sababu gegedu za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili. Ukipima asubuhi mwaka huu na jioni mwaka ujao, unaweza kumwibia mtoto karibu sentimita nzima.

Kupata kasi, toa urefu wa kwanza kutoka ule wa pili, gawanya kwa idadi ya miezi iliyopita, kisha zidisha mara 12. Mtoto aliyeongeza sentimita 2.1 katika miezi 8 ana kasi ya 3.15 kwa mwaka. Usikisie kwa miezi miwili au mitatu. Hata mpimaji mzuri hukosea nusu sentimita, hivyo vipimo viwili vinaweza kukupotosha kwa sentimita moja. Ukizidisha mara 4 ili kupata mwaka, kosa lile limekuwa sentimita 4, na jibu halina maana tena. Ngoja walau miezi sita. Mwaka mzima ni bora zaidi.

Uzito nao una habari

Mtoto anapokua polepole, swali la kwanza la daktari ni hili: uzito unafanya nini? Kama chakula hakitoshi, au kama tumbo halinyonyi chakula vizuri, kwa kawaida uzito hutangulia kushuka na urefu hufuata. Maradhi ya muda mrefu kama ya figo, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na selimundu pia hudhoofisha mwili wote. Lakini urefu ukisimama huku mtoto akizidi kunenepa, daktari hufikiria homoni, au dawa. Mtoto ambaye amepewa vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi hukua namna hiyo hiyo. Mzazi asikose kutaja dawa zote anazotumia, na asizikatishe ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Binti wa mwalimu alikuwa amenenepa. Alipata choo kwa shida, alijifunika sweta wakati wenzake wanatokwa jasho, na kulala alilala mapema. Shuleni alisifiwa kuwa mtulivu. Hizi ni dalili za tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, inapotoa homoni kidogo. Kipimo cha damu kiitwacho TSH huonyesha jambo hilo, na tiba ni kidonge cha thairoksini kila siku, ambacho wengi huhitaji maisha yao yote. Daktari huweza pia kuagiza picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, ili aone mifupa imekomaa kiasi gani na muda uliobaki wa kukua.

Mtoto akitokwa pia na maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, akiona vibaya, au akikojoa na kunywa maji kupita kiasi, asingoje miezi sita. Uvimbe karibu na tezi iliyo chini ya ubongo unaweza kuanza hivyo. Na msichana ambaye ni mfupi na pia anakua polepole apimwe kromosomu zake inapowezekana, kwani hali ya Tana yaweza kuonekana kwa ufupi peke yake.

Mtoto mwenye upungufu wa thairoidi akianza dawa mapema, katika mwaka wa kwanza kasi yake huweza kupanda hadi sentimita 8 au zaidi, kwa kuwa mwili hulipa deni. Akichelewa miaka mingi halipi lote. Balehe inapokwisha, sehemu laini za mifupa ambazo huirefusha hufunga, na baada ya hapo hakuna kidonge kinachoongeza urefu. Kwa hiyo unapokwenda hospitali, chukua lile daftari lenye tarehe na sentimita. Usimwambie tabibu "mtoto wangu ni mfupi", kwani atatazama chati na kukujibu kuwa yupo ndani ya mistari. Mwambie, "Mwaka huu ameongeza sentimita 2.8."