Fahamu: Boti ya zamu inajuaje wakati wa kukuamsha?

Saa 8:02 usiku, mtu anaandika kwenye chaneli ya Slack: "Malipo yamegoma." Mhandisi wa zamu aamshwe? Bado. Huenda ni simu ya huyo mmoja tu.

Boti iliyopangwa vizuri huhesabu watu, si ujumbe. Tuseme sharti ni watu watatu tofauti ndani ya dakika tano. Yule wa kwanza akirudia mara nne kwa hasira, hesabu inabaki moja. Saa 8:04 anaingia wa pili, saa 8:05 wa tatu. Hapo simu ya zamu inaita, mara moja. Kwa nusu saa inayofuata, malalamiko mapya yanapangwa chini ya taarifa ileile bila kuita tena.

Ugumu uko kwenye maneno. Ukiiagiza itafute "gom", itashtuka kila anapotajwa mtu wa Magomeni au ugomvi wa ofisini. Afadhali hivi:

```
\w*megoma\b
```

Itanasa imegoma, zimegoma na yamegoma. Itanasa pia "jana ilikuwa imegoma", na ndiyo sababu tunasubiri watu watatu.

Halafu boti isijisome. Taarifa yake yenyewe ina neno "yamegoma", kwa hiyo ujumbe wenye `bot_id` urukwe kabla ya kuhesabu.

Kila wiki, hesabuni simu zilizomwamsha mtu akakuta hakuna cha kufanya. Zikizidi nusu, neno lililoziita lifutwe au sharti lipandishwe, kabla watu wa zamu hawajaanza kuzizima bila kusoma.