Tarehe mbili ndani ya samansi moja

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza anafikishiwa karatasi Jumatatu, Juni 2. Ni samansi: msambazaji wake wa saruji amefungua kesi katika Mahakama ya Wilaya, anadai shilingi milioni 12. Chini pana tarehe ya kufika mahakamani, Julai 9. Anatia saini nakala ya mpeleka samansi, anaiweka yake kwenye droo, na kujiambia kwamba mwezi mzima bado upo.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini makosa ya namna hii hutokea kila siku, na yanauma kwa sababu yangeepukika. Katika kesi ya madai Tanzania Bara, mdaiwa aliyetakiwa kuleta utetezi wa maandishi ana siku 21, zinazohesabiwa tangu alipopokea samansi. Siku ya kufika haihusiki na hesabu hiyo. Kwa mwenye duka wetu siku hizo zinaisha Juni 23, wiki mbili kabla ya Julai 9. Akishituka mapema, ana siku 7 zaidi, hadi Juni 30, za kuomba aongezewe muda; akitoa sababu ya msingi, mahakama inaweza kumpa siku 10. Anayesubiri Julai 9 ndipo atafute wakili amechelewa tayari.

Kukataa kusaini hakusaidii. Mpeleka samansi anaweza kubandika nakala mlangoni, kisha akala kiapo mahakamani kueleza alivyofanya, na hakimu akiridhika, mdaiwa anahesabiwa kuwa amepata taarifa.

Kufika, kwa upande mwingine, si kukiri deni. Mdaiwa anaweza kusema saruji ilikuja pungufu, au kwamba alikwishalipa nusu, na akaonyesha stakabadhi. Asipoonekana wala kuleta utetezi, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja: msambazaji analeta ankara na hati za mapokezi ya mzigo, na hakuna wa kumhoji. Bado anapaswa kuthibitisha dai lake, ila ushahidi usiopingwa hauna kazi kubwa. Na mdai naye asipofika siku ya kusikilizwa, kesi yake inaweza kufutwa.

Kwa kesi ya madai kama hii, polisi hawaji kumkamata mtu kwa kukosa siku ya kwanza. Samansi ya jinai ni jambo jingine. Mshtakiwa asipotii, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata.

Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa, endapo mdaiwa ataonyesha kwamba samansi haikumfikia ipasavyo au alizuiwa na sababu nzito, kama kulazwa hospitalini. Maombi hayo nayo yana muda wake, wiki chache tu. Ukipita bila hatua yoyote, mdai huomba kukazia hukumu, na anayefika dukani safari hii ni dalali wa mahakama, mwenye amri ya kukamata mali.